Kipeo cha Tatu: Historia ya Kani na Mstari Wake

Mtu aliyesoma sheria ya Newton ya mvutano anakumbuka kwamba kani kati ya miili miwili hupungua kwa mraba wa umbali. Umbali ukiwa mara mbili, kani inabaki robo. Ukiwa mara tatu, inabaki sehemu moja ya tisa. Lakini mtu huyo huyo akifungua kazi kubwa ya Laplace kuhusu mwendo wa sayari, iliyoanza kuchapishwa Paris mwaka 1799, au kitabu cha leo cha kukokotoa njia za setilaiti, atakuta umbali umepandishwa kwenye kipeo cha tatu. Chini ya alama ya kugawanya kumeandikwa r³, wala hakuna anayejisumbua kueleza. Newton alisema mbili, vitabu vinaandika tatu. Nani kakosea?

Hakuna aliyekosea. Kati ya zile r tatu, mbili tu ndizo zinazopima kani. Ya tatu kazi yake ni kuonyesha njia: kani inatoka wapi, inaelekea wapi. Kwa karibu miaka mia moja r hiyo ilifanya kazi bila jina. Historia hii ni ya jinsi ilivyoingia kwenye hesabu, jinsi ilivyopewa jina, na jinsi wahandisi walivyokuja kuirudisha tena mafichoni kwa makusudi.

Karatasi bapa

Kitabu cha Newton cha mwaka 1687 kimejaa michoro. Kani kwake ni kipande cha mstari: urefu wake ndio ukubwa wa kani, na jinsi kilivyolala ndio mwelekeo. Kani mbili zikivuta kitu kimoja, unachora umbo la pande nne ambalo pande zinazotazamana zimekwenda sambamba, kisha mshazari wake unakupa kani ya jumla. Mwaka huo huo, Pierre Varignon alitoa Paris mpango wa mekanika mpya iliyosimama juu ya kanuni hiyo hiyo, na kitabu chenyewe kikatoka mwaka 1725, yeye akiwa amekwisha kufariki.

Anayechora hahitaji kuuliza mwelekeo unaandikwaje, kwa sababu mwelekeo upo mbele ya macho yake. Nyoosha rula kutoka nukta ya kwanza hadi ya pili, basi. Shida ni kwamba karatasi ni bapa na dunia si bapa. Njia ya Mwezi imeinama kwa takriban digrii 5 kutoka kwenye bapa ambamo Dunia inalizunguka Jua. Jua linauvuta Mwezi kwa mshazari, mara kutoka juu ya bapa la njia yake, mara kutoka chini. Mchoro wa mambo hayo unaweza kumsaidia mtu kuelewa, lakini hauwezi kumpa namba.

Leonhard Euler, akiwa Berlin, ndiye aliyeifanya njia nyingine kuwa kanuni ya jumla. Katika andiko la mwaka 1750 aliweka mihimili mitatu iliyotulia, kila mmoja ukiwa wima kwa wenzake, akaigawa kila kani katika sehemu tatu zinazoifuata mihimili hiyo. Badala ya mchoro mmoja mgumu, ukawa na milinganyo mitatu inayofanana, na kila mmoja unahusu upande wake tu.

Sasa swali likawa: kani inayofuata mstari kati ya nukta mbili inagawanywaje? Jibu ni la pembetatu zinazofanana. Tuseme kutoka nukta ya kwanza hadi ya pili unasogea x upande mmoja, y upande wa pili na z kwenda juu, na umbali wa moja kwa moja ni r. Kani imelala juu ya mstari huo huo, kwa hiyo sehemu zake zina uwiano ule ule wa hatua hizo. Kama x ni theluthi ya r, basi sehemu ya kani upande wa x ni theluthi ya kani nzima. Kwa ufupi, zidisha kani kwa x/r, kisha kwa y/r, kisha kwa z/r.

Weka hapo sheria ya Newton, ambamo kani ni k/r², na siri inafichuka:

k/r² × x/r = kx/r³

Hiyo ndiyo r ya tatu. Iliingia pamoja na x, kwa ajili ya kuigeuza x kutoka umbali kuwa uwiano mtupu. Zile namba tatu, x/r, y/r na z/r, ukizipiga mraba na kuzijumlisha unapata 1 siku zote, hata nukta ziwe mbali kiasi gani. Ni hatua yenye urefu wa 1, isiyo na mita wala maili, inayojua mwelekeo tu. Leo tunaiita vekta kizio. Lagrange na Laplace waliitumia ukurasa baada ya ukurasa, lakini ikiwa vipande vitatu vilivyotawanyika katika milinganyo mitatu, bila mtu kuviona kama kitu kimoja.

Sindano ya Copenhagen

Mwaka 1785 Charles Coulomb alipopima kwa mizani yake ya uzi unaosokoteka na kuonyesha kwamba chaji za umeme nazo zinavutana au kusukumana kwa kani inayopungua kwa mraba wa umbali, hesabu yote ya wanafalaki ikahamishiwa kwenye umeme bila kubadilishwa chochote isipokuwa herufi ya mbele. Ikaonekana kama vile kani zote za maumbile hufuata mstari unaounganisha vitu viwili.

Mwaka 1820, Hans Christian Ørsted wa Copenhagen aliweka sindano ya dira karibu na waya unaopitisha umeme. Sindano haikuvutwa kuelekea kwenye waya, wala haikusukumwa mbali nao. Iligeuka kukaa mkingamo. Wengi walishangaa, na Ampère alijitahidi sana kuirudisha kani ya umeme kwenye mstari kati ya vipande viwili vya waya. Sindano ilikuwa imeonyesha mpaka wa kanuni. Kugawanya hatua kwa umbali wake kunakupa mwelekeo wa mstari. Kwamba kani inafuata mstari huo ni jambo ambalo maumbile yenyewe lazima yathibitishe kwanza. Uzito, chaji zilizotulia, kamba iliyokazwa: hizo zinafuata. Sumaku inayozunguka waya haifuati.

B kutoa A

Jina lilitoka Dublin. William Rowan Hamilton alikuwa amehangaika miaka akitafuta namna ya kuzidisha namba zinazokwenda tatu tatu, ili nukta za angani zipate hesabu yao kama zile za karatasi bapa. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika mwezi ule wa Oktoba 1843 wanawe walikuwa wakimwuliza kila asubuhi wakati wa kifungua kinywa kama ameweza kuzidisha, naye akitikisa kichwa: anaweza kujumlisha na kutoa tu. Tarehe 16 Oktoba, akitembea na mkewe kando ya mfereji kuelekea kwenye mkutano wa akademia, aliona kwamba namba zinatakiwa kwenda nne nne. Akachonga kanuni yake kwa kisu kwenye jiwe la Daraja la Brougham. Namba hizo akaziita kwatenioni.

Katika kila kwatenioni kulikuwa na sehemu moja ya namba ya kawaida na sehemu tatu za angani. Hizo tatu kwa pamoja akaziita vekta, neno alilolikuta kwa wanafalaki, lenye asili ya Kilatini inayomaanisha kubeba. Vekta ya Hamilton inakubeba kutoka nukta moja hadi nyingine. Katika mihadhara aliyoichapisha mwaka 1853 aliiandika kwa namna iliyowashtua waliozoea kutoa namba kwa namba: B − A. Unatoa nukta kwenye nukta, mwisho kutoa mwanzo, na kinachobaki ni safari.

Kisha akafanya jambo linalotuhusu moja kwa moja. Alisema kila vekta ina vitu viwili vinavyoweza kutenganishwa. Kimoja ni urefu, alichokipa alama T. Kingine ni mwelekeo mtupu wenye urefu wa 1, alichokipa alama U. Vekta nzima ni T mara U. Vile vipande vitatu vya Laplace vilikuwa vimekusanywa mahali pamoja na kupewa herufi. Kuanzia hapo mtu aliweza kusema kwa pumzi moja: chukua mwelekeo wa B − A, uukuze kwa ukubwa wa kani, umepata kani yenyewe.

Mlingoti na waya

Tuione kazi hiyo kwenye kitu cha kawaida, mlingoti wa antena ulioshikiliwa na waya. Kitako cha mlingoti ndicho chanzo cha koodineti. Kilele A kiko mita 12 juu, yaani (0, 0, 12). Waya umefungwa kwenye kigingi B ardhini, mita 3 mashariki na mita 4 kaskazini, yaani (3, 4, 0). Kipimo kinaonyesha waya umekazwa kwa nyutoni 2,600. Waya unakivuta kilele vipi?

Safari kutoka kilele hadi kigingi ni B − A = (3, 4, −12). Urefu wake ni kipeuo cha pili cha 9 + 16 + 144, yaani cha 169, ambacho ni mita 13. Gawanya, upate vekta kizio (3/13, 4/13, −12/13). Zidisha kwa 2,600:

F = (600, 800, −2400)

Kilele kinavutwa kwa nyutoni 600 kwenda mashariki, 800 kaskazini na 2,400 kwenda chini. Pale kwenye kigingi waya ule ule unavuta kinyume, (−600, −800, 2400), na fundi anayechimba shimo la zege anajua kwamba hiyo 2,400 ndiyo inayotaka kuking'oa kigingi.

Makosa ya hesabu hii ni machache, na kila moja lina sura yake. Anayesahau kugawanya kwa 13 anapata kani yenye jumla ya nyutoni 33,800. Akirudia kukokotoa ukubwa, ataona umezidi mara 13. Anayegeuza na kuandika A − B anapata alama zote kinyume, na waya wake unasukuma kilele juu, jambo ambalo waya hauwezi. Kosa la hatari ni la tatu. Mtu anachukua koodineti za kigingi, (3, 4, 0), kana kwamba ndizo safari yenyewe, anagawanya kwa 5 na kupata (1560, 2080, 0). Akihakiki ukubwa, unatoka 2,600 sawasawa, naye anaridhika. Kosa halimo kwenye ukubwa, limo kwenye mwelekeo: kwa hesabu yake waya unavuta kwa usawa wa ardhi, wakati macho yake yanauona umeteremka kutoka mita 12. Ndiyo maana hakiki ya ukubwa peke yake haitoshi. Alama na uwiano wa sehemu tatu lazima vifanane na jinsi waya ulivyolala.

Tena kuna mambo mawili ambayo namba hizi hazisemi. Hazisemi kwamba waya umefungwa kileleni. (600, 800, −2400) ingekuwa hiyo hiyo hata waya ungevuta katikati ya mlingoti sambamba na ule wa kwanza, ingawa mlingoti ungepinda kwa namna tofauti kabisa. Na zinachukulia kwamba waya umenyooka. Waya mrefu na mzito unalegea kidogo kwa uzito wake, na pale kileleni mwelekeo wake halisi si ule wa mstari wa A hadi B.

Ugomvi wa mraba

Hamilton alifariki mwaka 1865 akiamini kwatenioni zitatawala fizikia. Peter Guthrie Tait wa Edinburgh akaubeba mwenge huo, na James Clerk Maxwell akazitumia kwa kiasi katika kitabu chake cha umeme na sumaku cha mwaka 1873. Watu wawili waliosoma kitabu hicho, kila mmoja kivyake, walifikia uamuzi mmoja. Josiah Willard Gibbs alikuwa profesa mtulivu wa Chuo cha Yale. Oliver Heaviside aliwahi kuwa fundi wa simu za maandishi, hakusoma chuo chochote, na alikuwa mgumu wa kusikia. Wote waliona kwamba kila Maxwell alipofanya kazi, alitumia vekta. Kwatenioni nzima ilikuwa mzigo.

Kilichomkera Heaviside zaidi ni mraba. Kwa kanuni ya Hamilton, safari yetu ya (3, 4, −12) ikizidishwa kwa yenyewe inatoa −169. Mtu anayetaka urefu wa waya anapewa namba hasi. Gibbs na Heaviside waligawanya uzidishaji wa Hamilton sehemu mbili, na ile inayotoa namba ya kawaida wakaigeuza ishara, ikawa 169. Kupata vekta kizio kukawa kazi ya moja kwa moja: zidisha vekta kwa yenyewe, chukua kipeuo cha pili, gawanya.

Gibbs alichapa kijitabu chake kwa ajili ya wanafunzi tu, sehemu ya kwanza mwaka 1881 na ya pili mwaka 1884. Tait alikishambulia kwa maneno makali mwaka 1890, na kwa miaka kadhaa jarida la Nature likawa uwanja wa mapambano. Mwaka 1901 mwanafunzi wa Gibbs, Edwin Bidwell Wilson, alitoa kitabu kamili kutokana na mihadhara ya mwalimu wake, na herufi nene alizozipenda Heaviside kwa kuandikia vekta zimo humo. Kufikia hapo ugomvi ulikuwa umekwisha.

Namba 200

Kwa wahandisi vekta zilipitia mlango mwingine. August Föppl alikuwa mhandisi wa miundo aliyetoa mwaka 1892 kitabu kuhusu viunzi vya chuma vinavyosimama katika pande zote tatu, si bapa kama madaraja ya zamani. Miaka miwili baadaye alitoa kitabu cha nadharia ya Maxwell kwa kutumia vekta za Heaviside. Mtu mmoja alikuwa na kiunzi cha angani mkono mmoja na vekta mkono wa pili.

Katika viunzi vya namna hiyo kuna jambo linajitokeza. Rudi kwenye mlingoti wetu: 2,600 ukigawanya kwa 13 unapata 200, na sehemu za kani ni 200 mara 3, 200 mara 4, 200 mara −12. Namba hiyo 200, nyutoni kwa kila mita ya urefu, inatosha. Huna haja ya kuandika vekta kizio hata kidogo; zidisha safari yenyewe.

Ona faida yake. Funga waya wa pili kwenye kigingi (3, −4, 0), nao uwe na 200. Kwa pamoja nyaya hizo mbili zinavuta kilele (1200, 0, −4800). Waya wa tatu uende kwenye kigingi (−5, 0, 0). Safari yake ni (−5, 0, −12), urefu wake pia ni 13. Ili kilele kisiinamie mashariki, namba yake mara −5 lazima iwe −1,200, kwa hiyo namba hiyo ni 240. Zidisha 240 kwa 13, waya wa tatu unahitaji kukazwa kwa nyutoni 3,120. Ukijumlisha za chini, 4,800 na 2,880, mlingoti unabanwa kwa nyutoni 7,680. Urefu umehitajika mara moja tu, mwishoni.

Njia hiyo ilikuja kuonyesha nguvu yake Munich. Kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1972, Günter Behnisch na Frei Otto walikuwa na paa la nyavu za nyaya lililoning'inia kwenye milingoti. Wavu wa nyaya hauna umbo mpaka ukazwe, na umbo ndilo lililokuwa likitafutwa. Hapo vekta kizio inageuka kikwazo: urefu wa kila waya ni kipeuo cha pili cha koodineti ambazo bado huzijui, nao uko chini ya alama ya kugawanya katika kila mlinganyo wa kila fundo. Klaus Linkwitz na Hans-Jörg Schek wa Stuttgart waliamua kuchagua kwanza namba ya kani kwa urefu kwa kila waya, kama ile 200 yetu. Mara moja vipeuo vyote vinatoweka. Kwa kila fundo inabaki jumla ya namba mara tofauti za koodineti, milinganyo myepesi ambayo kompyuta inaitatua kwa mkupuo mmoja, na umbo la wavu linatoka. Schek aliichapisha njia hiyo kikamilifu mwaka 1974.

Hamilton alikuwa ametenganisha urefu na mwelekeo. Watu wa Stuttgart waliurudisha urefu mahali pake, wakijua wanachokifanya. Na ukiitazama tena sheria ya mvutano, utaiona namba yao imo tangu zamani: kani k/r², ukiigawanya kwa umbali r, ni k/r³. Programu ya njia za setilaiti inaikokotoa mara moja, kisha inaizidisha kwa x, kwa y na kwa z, kama tulivyofanya na 200. Kipeo cha tatu cha Laplace ni kani ya Newton kwa kila mita ya mstari ule ambao rula yake iliuchora.